Kubadili kozi baada ya mwaka wa kwanza: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania

Kila mwaka, matokeo ya muhula wa pili yakishatoka, wanafunzi hufika kwenye meza yangu na barua mkononi, wakiomba kubadili kozi. Wengi wao hurudi mikono mitupu, ingawa sifa wanazo. Wamekosea mpangilio wa hatua: mmoja amechelewa, mwingine amepeleka barua kwa mtu asiyehusika, wa tatu ameacha kuhudhuria masomo ya zamani akidhani ombi limeshapita. Wapo pia waliokubaliwa kisha wakagundua mwezi Januari kwamba bumu halijaingia, kwa sababu mfumo wa mikopo bado unawajua kwa kozi ile ya kwanza.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuhama kozi ndani ya chuo kilekile akiwa amemaliza, au anakaribia kumaliza, mwaka wa kwanza wa shahada. Anayetaka kuhama chuo kabisa nimemwekea sehemu yake karibu na mwisho. Humu nitasema *kozi* nikimaanisha shahada nzima, kama wanafunzi wanavyosema, na *somo* nikimaanisha moduli moja yenye msimbo wake na krediti zake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usiandike barua yoyote kabla hujakusanya vitu hivi. Kila kimoja kina hatua yake inayokihitaji.

- Cheti au hati ya matokeo ya kidato cha nne na cha sita, au ya stashahada kama uliingia kwa njia hiyo.
- Matokeo ya mwaka wa kwanza yenye msimbo wa kila somo, krediti na daraja. Kama muhula wa pili haujatangazwa, chapa ya muhula wa kwanza inatosha kuanzia.
- Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, wa mwaka ulioingia wewe chuoni, pamoja na wa mwaka huu.
- Prospektasi ya chuo, au orodha ya masomo ya kozi unayoitaka kwa miaka yote, siyo ya mwaka wa kwanza peke yake.
- Maelezo ya kila somo ulilosoma: yale makaratasi ambayo mwalimu aligawa wiki ya kwanza yenye mada, vitabu na namna ya upimaji. Wengi huyatupa, na baadaye ndiyo yanayotafutwa kwa tochi.
- Almanaka ya chuo ya mwaka huu na ya mwaka ujao kama imeshatoka.
- Kama una mkopo: chapa ya SIPA, akaunti yako ya mkopo mtandaoni, inayoonyesha umepangiwa nini na umeshalipwa nini.

Weka vyote kwenye faili moja, na nakala kwenye simu.

## Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa kuingia

Hapa ndipo pa kwanza watu wanapojikwaa. Mwanafunzi amepata GPA ya 4.2 mwaka wa kwanza, anadhani GPA hiyo itamfungulia mlango wowote. Haiko hivyo. Unapohama kozi unapimwa kwanza kwa sifa za kuingilia, kana kwamba unaomba leo kwa mara ya kwanza. GPA huja baadaye, pale nafasi zinapokuwa chache na waombaji ni wengi.

Kwa aliyetoka kidato cha sita, kiwango cha chini cha TCU ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hiyo ni sakafu tu. Juu yake kila kozi ina masharti yake: somo gani lazima uwe na prinsipo, na mara nyingine daraja gani kwenye somo fulani la kidato cha nne. Udaktari wa binadamu unadai prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Aliyesoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, hawezi kuingia huko kwa GPA ya mwaka wa kwanza, hata ingekuwa 5.0.

Fungua mwongozo wa udahili, tafuta chuo chako, kisha kozi unayoitaka. Utakuta msimbo wa kozi, masharti, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Nakili masharti neno kwa neno kwenye karatasi, na pembeni ya kila sharti andika daraja lako.

Kwa nini nasema uwe na mwongozo wa mwaka ulioingia na wa mwaka huu? Masharti hubadilika. Muulize afisa udahili ni upi utakaotumika kwako, kwa sababu majibu mawili tofauti yanaweza kukutoa au kukuingiza.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi ambayo kila sharti limewekewa alama ya vema. Likikosekana moja, usiendelee. Barua haitalijaza. Njia iliyobaki hapo ni kutafuta sifa yenyewe, kwa mfano kurudia mtihani wa somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hilo ni jambo la mwaka mwingine.

## Hatua ya 2: Linganisha masomo mwenyewe, kabla ya idara kukulinganishia

Hatua hii ndiyo inayoamua kama utapoteza miezi au miaka, nami nitakaa hapa kwa muda.

Katika mfumo wa Tanzania krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza: mihadhara, semina, maabara, kazi za nyumbani na kujisomea. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, kwa hiyo shahada ya miaka mitatu ni 360 na ya miaka minne ni 480. Unapohama, idara mpya haihamishi mwaka wako. Inahamisha somo moja moja, na kila somo linaulizwa maswali matatu: Je, lipo kwenye orodha ya kozi mpya, au lina mwenzake anayefanana nalo kwa mada? Je, krediti zake zinatosha? Je, umefaulu kwa daraja linalokubalika?

Chukua daftari. Chora safu nne: somo nililosoma, krediti zake, somo linalofanana kwenye kozi mpya, na krediti zake. Halafu gawa masomo yako katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni masomo ya wote, kama stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo. Haya kwa kawaida hupita bila mjadala ndani ya chuo kimoja, kwa kuwa msimbo ni uleule.

Fungu la pili ni masomo yanayofanana. Hapa jina linadanganya. "Utangulizi wa Takwimu" wa wanafunzi wa ualimu unaweza kuwa wa kusoma majedwali na kutafuta wastani, wakati "Utangulizi wa Takwimu" wa idara ya hisabati unatumia kalkulasi tangu wiki ya pili. Ndiyo maana unahitaji yale maelezo ya somo. Linganisha mada kwa mada.

Fungu la tatu ni masomo ya fani ya zamani tu. Machache yanaweza kuokolewa kama masomo ya hiari, iwapo kozi mpya ina nafasi za hiari. Mengine yamekwenda.

### Mfano mmoja, kwa hesabu

Nilikaa na binti mmoja wa EGM, aliyepata C ya Uchumi, B ya Jiografia na C ya Hisabati, jumla pointi 10. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa ualimu wa Jiografia na Hisabati, akitaka kuhamia Shahada ya Takwimu ya miaka mitatu. Sharti lilikuwa prinsipo ya Hisabati, nayo alikuwa nayo. Krediti zake 120 zilikuwa hivi:

- Hisabati, krediti 36: kalkulasi 12, aljebra ya mstari 12, utangulizi wa takwimu 12.
- Masomo ya wote, krediti 20: stadi za mawasiliano 8, masomo ya maendeleo 12.
- Ualimu, krediti 28: misingi ya elimu 10, saikolojia ya elimu 10, mazoezi ya kufundisha 8.
- Jiografia, krediti 36: masomo matatu ya 12, mojawapo likiwa jiografia ya idadi ya watu.

Yeye alikuja akiamini atahama na angalau 90. Tukaketi na maelezo ya masomo. Kalkulasi na aljebra zilikuwa msimbo uleule na wanafunzi wa Takwimu, zikapita: 24. Masomo ya wote yakapita: 20. Utangulizi wa takwimu ukakataliwa, kwa sababu hakukuwa na nadharia ya uwezekano ndani yake. Ualimu wote ukaanguka. Kwenye jiografia, somo la idadi ya watu likakubaliwa kama hiari, 12, kwa kuwa kozi ya Takwimu ina tawi la demografia. Jumla ikawa 56, na 64 zikapotea.

Sasa angalia jambo ambalo karibu kila mtu halioni. Alisema, "Basi nimebakiza 304, kaka. Nikibeba mzigo mkubwa kidogo kila muhula, namaliza mapema." Kwa hesabu ya kugawanya ni kweli: akichukua krediti 72 kwa muhula badala ya 60, mihula mitano inamtosha. Lakini Takwimu inakwenda kwa mnyororo. Nadharia ya uwezekano ya kwanza hufundishwa muhula wa kwanza tu, ndiyo inayofungua ya pili, ya pili inafungua nadharia ya makadirio ya mwaka wa pili, nayo inafungua masomo makuu ya mwaka wa tatu. Mnyororo huo una urefu wa miaka mitatu, na yeye hakuwa na pete hata moja. Krediti 56 zilimpunguzia mzigo wa mwaka wa kwanza mpya, ila hazikumpunguzia muda. Shahada ya miaka mitatu ikawa safari ya miaka minne.

Kwa hiyo usiishie kuhesabu krediti. Kwenye orodha ya masomo ya kozi mpya, tafuta lile somo la mwaka wa mwisho lenye masharti mengi zaidi ya kutangulia, kisha rudi nyuma somo kwa somo hadi ufike kwenye la kwanza ambalo hujalisoma. Hesabu mihula kutoka hapo. Hiyo ndiyo tarehe yako ya kumaliza.

Utajua umefaulu ukiweza kutamka sentensi hii bila kusita: "Nitahama na krediti hizi, nitapoteza hizi, nitaingia mwaka huu, na nitamaliza mwaka huu."

## Hatua ya 3: Nenda kwa afisa mikopo kabla ya kwenda kwa mkuu wa idara

Mpangilio huu utawashangaza wengi, lakini nina sababu. Idara ikishakukubali unakuwa na siku chache za kuthibitisha, na hapo watu husaini kwa furaha bila kujua nani atalipa mwaka wa ziada.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ulipangwa ukiwa na vitu vitatu ndani yake: jina lako, chuo chako na kozi yako, kozi yenye urefu unaojulikana na ada inayojulikana. Unapobadili kozi unagusa urefu na ada kwa mpigo. Uliza maswali haya, na uyaandike:

1. Kozi mpya ikinimalizia mwaka mmoja baadaye kuliko ile ya kwanza, mwaka huo wa ziada utalipwa na mkopo au na mimi?
2. Nikirudishwa mwaka wa kwanza, nitahesabiwa kama mwanafunzi anayeendelea, anayerudia, au mpya?
3. Ada ya kozi mpya ikiwa kubwa kuliko ya zamani, tofauti ni ya nani?
4. Mahitaji maalumu ya kitivo na mafunzo kwa vitendo yatafuata kozi mpya au yatabaki yalivyopangwa?
5. Chuo kinapeleka lini HESLB orodha ya waliobadili kozi?

Swali la pili ndilo lenye hatari. Mnufaika anayeendelea hupata fedha za mwaka unaofuata kwa sababu chuo kimepeleka matokeo yanayoonyesha amefaulu na kupanda mwaka. Mwanafunzi ambaye jina lake linaonekana mwaka wa kwanza mara mbili, bila maelezo ya uhamisho yaliyoambatanishwa, kwenye mfumo anafanana na aliyefeli. Hiyo ndiyo njia moja ambayo bumu hukwama bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Piga hesabu ya maisha pia. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Ukihesabu siku 240 za masomo kwa mwaka, ni shilingi 2,400,000. Mwaka wa ziada usiolipwa na mkopo unakudai kiasi hicho, pamoja na ada yote. Ukilipwa na mkopo, unaongeza deni ambalo ukiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi liishe.

Walio kwenye Samia Scholarship wawe waangalifu mara mbili. Ufadhili huo umefungwa kwa masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Kutoka uhandisi kwenda sheria ni kuuacha mezani. Anayelipiwa na halmashauri, kampuni au taasisi ya dini naye asome mkataba wake: mara nyingi jina la kozi limeandikwa humo, na mfadhili anatakiwa kuarifiwa kabla, siyo baada.

Utajua umefaulu ukiwa na majibu kwa maandishi, hata kama ni barua pepe ya mistari mitatu. Jibu la mdomo la dirishani halitakusaidia afisa yule akihamishwa.

## Hatua ya 4: Ongea na idara zote mbili

Anza na unakotaka kwenda. Omba kuonana na mkuu wa idara au mratibu wa kozi, nenda na faili lako na daftari la ulinganisho. Usiulize "naweza kuhamia huku?" Uliza: "Mna nafasi mwaka wa kwanza au wa pili? Masomo haya manne mtayakubali?" Mwalimu anayeona umelinganisha mada kwa mada hulichukulia ombi kwa uzito wake, na mara nyingi hukusahihishia palepale mahali ulipojidanganya.

Ukimaliza, nenda kwenye idara yako ya sasa. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii kwa aibu au kwa kuogopa kuonekana wasaliti. Lakini sahihi yake ya kukuachia inahitajika, na mkuu wa idara anayepata habari kupitia karatasi iliyotoka juu hana sababu ya kuharakisha. Mwambie, "Mwalimu, nimefikiria kuhama, na nimekuja nikuarifu kabla sijaandika." Usiisemee vibaya kozi yake.

Onyo: wakati wote huu endelea kuhudhuria, kufanya majaribio na mitihani ya kozi ya zamani. Nimemwona kijana aliyeacha mitihani ya muhula wa pili kwa kuwa "nitahama tu". Ombi likakataliwa kwa kukosa matokeo kamili, na kwenye kozi ya zamani alikuwa tayari ana sifuri tano. Akadisko pande zote mbili.

Kama una sapu, ifanye na uifaulu. Vyuo vingi havishughulikii ombi la mtu ambaye matokeo yake bado yananing'inia.

## Hatua ya 5: Andika ombi

Chuo kikiwa na fomu, tumia fomu. Barua inaambatanishwa nayo, haichukui nafasi yake. Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja na iwe na mambo manne: wewe ni nani, unatoka wapi kwenda wapi, sifa zako kwa ushahidi, na unachoomba kuhusu krediti. Kiini chake kiwe namna hii:

> Naomba kuhama kutoka Shahada ya Ualimu (Jiografia na Hisabati) kwenda Shahada ya Takwimu kuanzia mwaka ujao wa masomo. Nina prinsipo ya Hisabati daraja C, ambayo ndiyo sharti la kozi hiyo. Nimefaulu masomo yote ya mwaka wa kwanza. Naomba pia masomo matano yaliyo kwenye jedwali nililoambatanisha, yenye krediti 56, yatambuliwe. Natambua kwamba krediti 64 hazitahamishwa na kwamba nitaanza mwaka wa kwanza.

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Kamati huogopa mwanafunzi ambaye baada ya kukubaliwa ataanza kukata rufaa kuhusu mwaka aliowekwa.

Sababu ya kuhama iwe moja na iwe ya kweli. "Nimegundua nguvu yangu iko kwenye hisabati, matokeo yangu ya kalkulasi ni B+" inatosha. Usiandike kwamba kozi mpya ina ajira, wala kwamba uliichagua ya kwanza bila kujua. Kama sababu ni ugonjwa, ambatanisha cheti cha hospitali na useme kwa ufupi.

Ambatanisha nakala za vyeti, matokeo, jedwali la ulinganisho na maelezo ya masomo unayoyaombea. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na ubaki nayo. Chuo kikitumia mfumo wa mtandaoni, piga picha ya ukurasa unaoonyesha ombi limepokelewa.

Kuhusu muda: tafuta tarehe kwenye almanaka, kisha jiwekee wiki mbili kabla yake. Karatasi inapita kwa mkuu wa idara unakotoka, mkuu wa idara unakokwenda, amidi wa kitivo au rasi wa ndaki, kisha ofisi inayoshughulikia taaluma, na uamuzi huthibitishwa na Seneti au kamati yake. Kamati hizi hukaa kwa ratiba. Barua iliyofika siku moja baada ya kikao inasubiri kikao kijacho, na kikao kijacho kinaweza kuwa baada ya usajili kufungwa.

## Hatua ya 6: Soma barua ya kukubaliwa kabla ya kusaini

Barua nzuri inataja kozi mpya, mwaka utakaoingia, orodha ya masomo yaliyotambuliwa na krediti zake, na tarehe ya kuanza. Barua mbovu inasema tu "umekubaliwa kuhamia". Ukipata ya namna hiyo, rudi mara moja uombe kiambatanisho cha krediti. Ahadi ya mdomo ya kwamba "hayo tutayapanga baadaye" imewagharimu watu. Mratibu anabadilika, na mwaka wa tatu unaambiwa unadaiwa somo la mwaka wa kwanza.

Uliza kitu kimoja zaidi: je, madaraja ya masomo yaliyotambuliwa yataingia kwenye GPA ya mwisho, au zinahama krediti peke yake? Tofauti siyo ndogo. GPA ni jumla ya pointi za kila somo zikizidishwa kwa krediti zake, kisha kugawanywa kwa jumla ya krediti. Chuoni A ni pointi 5 na C ni 2, siyo 3 kama kidato cha sita: somo la krediti 12 lenye A ni 60, la krediti 8 lenye C ni 16, jumla 76 kwa krediti 20, sawa na 3.8. Kama masomo unayohama nayo yana C nyingi na madaraja yanaingia, pengine ni busara kuomba somo moja lisitambuliwe, ukalisome upya.

Uliza pia kama ada ni ya mwaka mzima au kwa krediti. Yule binti alikuwa na krediti 64 tu za kusoma mwaka wa kwanza mpya, lakini chuo chake hutoza ada ya mwaka. Ukiwa kwenye hali hiyo, tumia nafasi iliyobaki kuchukua masomo ya mwaka wa pili yasiyo na sharti la kutangulia. Yeye alichukua somo la kuandika programu za kompyuta, na mwaka wa pili ukawa mwepesi.

## Hatua ya 7: Hamisha jina lako kwenye kila mfumo

Kukubaliwa na Seneti ni karatasi. Bado mifumo haijui. Ndani ya wiki mbili za kwanza za muhula fanya haya:

Ingia kwenye akaunti yako ya mfumo wa chuo uone kozi iliyoandikwa. Kama bado ni ya zamani, usisajili masomo kwanza. Ukisajili masomo ya kozi mpya chini ya kozi ya zamani, matokeo yatatoka yakiwa yamekaa pasipo pake. Nenda kwa msajili na barua yako.

Uliza kama namba ya usajili inabadilika. Ikibadilika, maktaba, hosteli, bima ya afya na benki vyote viarifiwe.

Muulize afisa udahili kama mabadiliko yako yamepelekwa TCU. Tume ndiyo inayotunza kumbukumbu za nani amedahiliwa kozi gani, na jina lisilofanana na kozi huja kusumbua wakati wa kuhitimu, ukiwa umeshaalika wazazi.

Kisha rudi kwa afisa mikopo na barua ya kukubaliwa, orodha ya krediti na chapa ya usajili mpya. Omba kuona jina lako kwenye orodha ya waliobadili kozi inayokwenda HESLB. Baada ya hapo angalia SIPA kila wiki hadi kozi mpya ionekane, na uwe tayari kusaini malipo kwenye DiDiS, mfumo wa malipo wa HESLB, yatakapofika. Yule binti wa Takwimu alifanya yote isipokuwa hili. Alidhani chuo kingepeleka chenyewe. Wenzake walisaini mwezi Novemba, yeye alisaini mwishoni mwa Januari, na miezi miwili ile aliishi kwa kukopa kwa mama ntilie wa nje ya geti. Weka akiba ya angalau miezi miwili ya chakula kabla ya kuhama. Uhamisho ulio sahihi kabisa nao huchelewesha malipo.

## Ukihamia chuo kingine

Hatua 1 hadi 3 ni zilezile, ila hapa mambo mawili huongezeka uzito. Kwanza, msimbo haufanani tena, hivyo kila somo linahitaji maelezo yake yaliyogongwa muhuri na idara uliyotoka, pamoja na transkripti rasmi. Pili, unahitaji barua ya kuachiwa na chuo cha kwanza, na uhamisho upitie utaratibu wa TCU katika dirisha lake.

Usijaribu njia ya mkato ya kuomba udahili upya mahali pengine kama mtu ambaye hajawahi kusoma. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne iko kwenye kumbukumbu za Tume, na ombi litaonyesha kwamba tayari una udahili. Kama umeamua kuanza upya kabisa na kuziacha krediti zote, kiombe kwanza chuo cha zamani kikuondoe rasmi kwenye orodha yake, upate barua, ndipo uombe.

Mkopo hapo ni ombi lingine kabisa la kuhamisha chuo, nalo linaanzia dawati la mikopo la chuo unachotoka.

## Ombi likikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Zipo tatu za kawaida, na kila moja ina jibu lake. Kama ni sifa, rudi Hatua ya 1. Kama ni nafasi zimejaa, uliza orodha ya kusubiri: wiki ya pili na ya tatu ya muhula huwa kuna waliopewa nafasi hawakuripoti. Kama ni kuchelewa, endelea na kozi yako, lakini chagua masomo ya hiari ya mwaka wa pili kutoka kwenye kozi unayoitaka, ili pengo lisikue wakati unasubiri.

Ila kabla ya kusubiri mwaka mwingine, fungua tena lile daftari. Kila muhula unaopita kwenye kozi ya zamani unaongeza krediti zisizohama, na mnyororo wa kozi mpya unabaki na urefu uleule. Aliyemaliza mwaka wa pili mara nyingi hupata nafuu zaidi kwa kuhitimu alipo, kisha kuhama kwa shahada ya uzamili au stashahada ya uzamili ya fani anayoitaka. Fanya hesabu zote mbili kwenye ukurasa mmoja, mihula na shilingi, kisha umpelekee anayekulipia ada azione kabla dirisha la mwaka ujao halijafunguliwa.